Kusoma hangul haraka: anza na majina ya Dodoma, fika kwenye swali la mtihani

Baadhi ya treni za umeme zinazofika Dodoma kutoka Dar es Salaam tangu katikati ya mwaka 2024 zimetengenezwa Korea Kusini na kampuni ya Hyundai Rotem. Simu ambayo baadhi yenu mnasomea makala haya nayo ni ya kampuni ya Korea. Hivyo hatushangai tunapoulizwa na wasikilizaji, hasa vijana waliomaliza sekondari: je, mtu aliye kijijini, asiye na mwalimu wa Kikorea, anaweza kujifunza kusoma maandishi yale na kujiandaa kwa mtihani wa daraja la kwanza?

Herufi zenyewe anaweza, na hazichukui muda mrefu. Lakini kuzijua herufi na kuzisoma haraka ni vitu viwili, na wengi hukwama hapo katikati. Makala haya yanahusu sehemu hiyo tu: utoke kwenye kutambua herufi mojamoja, ufike mahali unapoweza kusoma swali la mtihani kabla dakika hazijakwisha.

Mtihani unadai nini

Mtihani wa kupima Kikorea kwa wageni unaitwa TOPIK. Ngazi ya chini ni TOPIK I, na ndani yake kuna daraja la kwanza na la pili. Mtihani ni mmoja kwa wote, na alama zako ndizo zinazoamua umepata daraja gani. Kuna maswali 30 ya kusikiliza kwa dakika 40, kisha maswali 40 ya kusoma kwa dakika 60. Kila sehemu ina alama 100, jumla 200. Ukifikisha 80 unapata daraja la kwanza, ukifikisha 140 unapata la pili.

Maswali yote ni ya kuchagua jibu moja kati ya manne. Hakuna sehemu ya kuandika. Kuandika huanza kwenye TOPIK II. Hata hivyo tutakushauri uandike kila siku kwa mkono, na sababu utaiona mbele.

Sasa tazama hesabu. Maswali 40 ya kusoma kwa dakika 60 ni sekunde 90 kwa kila swali. Ndani ya hizo sekunde 90 usome swali, usome majibu manne, ufikiri, utie alama. Na usidhani kwamba kusikiliza kunakuokoa, maana hata huko majibu mengi yameandikwa kwa hangul. Unasikia sauti, na papo hapo macho lazima yasome.

Kisanduku kimoja ni silabi moja

Hangul ilitungwa wakati wa Mfalme Sejong na kutangazwa mwaka 1446. Siyo michoro ya maneno kama maandishi ya Kichina. Ni herufi kama zetu, konsonanti na irabu. Za msingi leo ni 24: konsonanti 14 na irabu 10. Nyingine ni muunganiko wa hizo hizo.

Tofauti ni kwamba herufi hazipangwi kwa mstari mmoja. Zinakusanywa katika kisanduku, na kila kisanduku ni silabi moja. Hapa Mswahili ana bahati, kwa sababu tangu darasa la kwanza tumefundishwa kusoma kwa silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kikorea nacho husomwa hivyo.

Chukua jina la mji wetu, Dodoma. Lina silabi tatu, basi litakuwa na visanduku vitatu: 도도마.

Kisanduku cha kwanza, 도, kina ㄷ (sauti ya d) juu, na ㅗ (sauti ya o) chini yake. Cha pili ni hicho hicho. Cha tatu, 마, kina ㅁ (m) kushoto na ㅏ (a) kulia. Hapo umeona kanuni nzima ya kupanga: irabu iliyosimama wima, kama ㅏ na ㅣ, hukaa kulia kwa konsonanti, irabu iliyolala, kama ㅗ na ㅜ, hukaa chini yake.

Chukua daftari la hesabu lenye miraba. Weka kila silabi ndani ya mraba mkubwa mmoja, yaani miraba minne midogo kwa pamoja. Kalamu iende kutoka juu kwenda chini na kutoka kushoto kwenda kulia. Herufi ㄷ ina mivuto miwili: kwanza mstari wa juu, kisha mstari unaoshuka kushoto na kukata kona kwenda kulia. Herufi ㅗ inaanza na kijiti kifupi cha wima, halafu mstari mrefu wa kulala. Herufi ㅁ ina mivuto mitatu: wima wa kushoto, kisha mstari wa juu unaokata kona kushuka kulia, mwisho mstari wa kufungia chini. Ukifuata mpangilio huu, herufi zako zitafanana na zile za kitabu, na jicho litazitambua upesi.

Safiri na majina unayoyajua

Watu wengi hukariri jedwali la herufi 24 kisha wanasahau nusu kesho yake. Sisi tunapendekeza njia nyingine: andika majina ya mahali unapopajua. Sauti tayari iko kichwani, kinachobaki ni kuifunga na umbo lake.

Toka Dodoma ushike barabara ya Singida. Unapita Bahi: 바히. Umepata ㅂ (b), ㅎ (h) na ㅣ (i). Unafika Manyoni: 마뇨니. Umepata ㄴ (n), na pia ㅛ, ambayo ni ㅗ iliyoongezwa kijiti cha pili. Kijiti cha pili huongeza sauti ya y: ㅏ ni a, ㅑ ni ya, ㅗ ni o, ㅛ ni yo, ㅜ ni u, ㅠ ni yu. Kwa hiyo "nyo" yetu ni ㄴ na ㅛ tu.

Unaingia Singida: 싱기다. Hapa pana ㅅ (s) na ㄱ (g), na kuna kitu kipya. Kisanduku cha kwanza kina herufi tatu: ㅅ, ㅣ, na chini kabisa ㅇ. Duara hili likiwa chini husomwa kama ng' ya ng'ombe. Likiwa mwanzoni mwa kisanduku halina sauti yoyote. Linashika tu nafasi ya konsonanti kwa silabi inayoanza na irabu. Ndiyo maana Kondoa huandikwa 콘도아, na duara la 아 halisomwi.

Kondoa imekupa pia ㅋ (k), na Tanzania, 탄자니아, inakupa ㅌ (t) na ㅈ (j). Kikorea hakina z, hivyo Wakorea hutumia ㅈ mahali pake. Kongwa ni 콩와: kisanduku cha pili kimeunganisha ㅗ na ㅏ kupata "wa". Chamwino, 참위노, inakupa ㅊ (ch). Iringa, 이링가, inakupa ㄹ, ambayo kati ya irabu hutamkwa r na mwishoni mwa silabi hutamkwa karibu na l. Kwa wale wetu wanaochanganya r na l, hapa hakuna wa kuwacheka: Wakorea wenyewe wana herufi moja tu kwa sauti zote mbili.

Imebaki Mpwapwa. Kikorea hakikubali m isimame mbele ya konsonanti bila irabu, hivyo ni lazima kuongeza irabu: 음프와프와. Herufi ㅍ ni p. Kwa majina haya tisa pamoja na Dodoma yenyewe umepata konsonanti zote 14 za msingi. Yaandike kila jina mara tano huku ukilitamka kwa sauti, kisha ufunike daftari na uandike bila kuangalia.

Jambo moja usilishangae: ukimsikia Mkorea akisoma 도도마, utasikia kama anasema "Todoma". Herufi ㄱ, ㄷ, ㅂ na ㅈ mwanzoni mwa neno huwa nyepesi, karibu na k, t, p na ch. Katikati ya irabu huwa g, d, b na j. Na ㅅ ikifuatwa na ㅣ hutamkwa sh, kwa hiyo Singida itasikika kama "Shinggida". Herufi haijabadilika, ni mahali ilipokaa.

Pumzi ya kwenye "paa"

Swali linalofuata huwa hili: kama ㄷ inaweza kusikika kama t, basi ㅌ ni ya nini? Tofauti ni pumzi. Wazee wa pwani, hasa Mombasa, hutofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa pumzi: paa mnyama hutoka na pumzi, paa la nyumba halina. Sisi wa bara wengi hatuisikii tena tofauti hiyo, lakini Kikorea kimejengwa juu yake.

Shika kipande cha karatasi nyepesi mbele ya mdomo. Ukitamka ㅋ, ㅌ, ㅍ na ㅊ, karatasi iruke. Ukitamka ㄱ, ㄷ, ㅂ na ㅈ, itikisike kidogo tu. Kuna kundi la tatu linaloandikwa kwa kurudia herufi: ㄲ, ㄸ, ㅃ, ㅆ, ㅉ. Hizi hutamkwa kwa kubana koo, na karatasi isitikisike kabisa.

Maumbo yenyewe yanakukumbusha: ongeza mstari kwenye ㄱ upate ㅋ, ongeza mstari kwenye ㄷ upate ㅌ. Mstari wa ziada ni pumzi ya ziada.

Irabu mbili ambazo hatuna

Kiswahili kina irabu tano. Kikorea kina hizo tano na nyingine mbili zinazotusumbua, ㅓ na ㅡ.

Kwa ㅓ, sema "o" lakini usikunje midomo. Iache wazi na ilegee, taya lishuke kidogo. Kwa ㅡ, sema "u" huku midomo imetandazwa kama unasema "i". Tazama kwenye kioo cha simu. Midomo ikiwa duara, umekosea.

Usizipuuze kwa kusema zinafanana na o na u. Neno 거기 maana yake ni "pale". 고기 ni "nyama". Neno 그 ni "yule" au "ile". 구 ni "tisa". Katika sehemu ya kusikiliza, sauti ndiyo itakayokuambia uchague lipi.

Jina la Samsung kwa Kikorea ni 삼성. Silabi ya pili ina ㅓ, ingawa sisi tunaitamka kwa u. Mtu anayeandika kwa kufuata matamshi ya Kiswahili angeweka ㅜ na angekosea. Hapa ndipo kuandika kwa mkono kunapolipa. Herufi ㅏ na ㅓ zinatofautiana kwa upande ambao kijiti kimetazama, na ㅗ na ㅜ vilevile. Jicho peke yake huzichanganya kwa wiki kadhaa, lakini mkono ukishaandika ㅏ kwa kuanza na mstari wa wima, na ㅓ kwa kuanza na kijiti kifupi, tofauti inakaa.

Kwa sauti ya "e" kuna herufi mbili, ㅔ na ㅐ. Wakorea wengi wa leo huzitamka sawa. Hapo sikio halikusaidii, inabidi ukariri neno linaandikwa na ipi.

Silabi inayofungwa: hapa ndipo tunapopoteza muda

Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia kwa irabu. Hata tukiazima neno huliongezea irabu mwishoni: basi, benki, kilabu. Tabia hiyo tunaihamishia kwenye Kikorea bila kujua, na inatuharibia.

Konsonanti inayokaa chini ya kisanduku Wakorea huiita batchim, maana yake kitu kinachobeba kutoka chini. Inafunga silabi, na hakuna irabu baada yake. Neno 곰 hutamkwa "gom", nalo ni dubu. Ukiongeza u mwishoni umesema 고무, yaani mpira wa kutengenezea matairi. Neno 집 ni nyumba. Ukiongeza u umesema 지부, yaani tawi la ofisi.

Njia ya kujizuia ni hii: tamka 곰, funga midomo kwenye m, kisha ubaki umeifunga huku ukihesabu moja, mbili. Kwa 집, funga midomo kwenye b na usiifungue. Sauti inakatika kama mtu aliyezibwa mdomo. Hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Habari njema ni kwamba karibu konsonanti zote zinaweza kukaa chini, lakini sauti zinazosikika hapo ni saba tu: k, n, t, l, m, p na ng'. Herufi ㅅ, ㅈ, ㅊ, ㅌ zikiwa chini zote husikika kama t iliyokatika. Neno 옷, yaani nguo, husomwa "ot" na si "os".

Kisha zipo kanuni mbili ambazo bila hizo huwezi kusoma haraka wala kutambua neno unalolisikia. Ya kwanza: kisanduku kinachofuata kikianza na lile duara lisilo na sauti, batchim huhamia huko. Ya pili: ㅂ ikiwa chini na kufuatwa na ㄴ, hugeuka m. Zipo nyingine, lakini kwa kuanzia hizi mbili utakutana nazo karibu kila sentensi.

Swali moja, hatua kwa hatua

Tumetunga swali la aina inayopatikana mwanzoni mwa sehemu ya kusoma, ambapo unatakiwa kusema mazungumzo yanahusu nini:

저는 탄자니아 사람입니다. 마리아 씨는 케냐 사람입니다.

① 나라 ② 날씨 ③ 이름 ④ 음식

Anza na 저는. Kisanduku cha kwanza ni ㅈ na ㅓ, cha pili ni ㄴ, ㅡ na ㄴ chini. Irabu zote mbili ngumu zimo humu. Maana yake ni "mimi", na 는 inaonyesha kwamba tunayemzungumzia ni mimi.

탄자니아 umeshaiandika: Tanzania.

Sasa 사람입니다. Ukisoma kisanduku kimoja kimoja unapata "sa-ram-ip-ni-da". Tumia kanuni. Kisanduku cha tatu, 입, kinaanza na duara tupu, basi m ya 람 inahamia: "sa-ra-mip". Kisha ㅂ ya 입 inafuatwa na ㄴ, inageuka m. Unapata "sa-ra-mim-ni-da". Hivyo ndivyo utakavyoisikia kwenye kusikiliza. 사람 ni mtu, 입니다 ni "ni". Sentensi nzima: Mimi ni Mtanzania.

Sentensi ya pili: 마리아 ni Maria, 씨 ni neno la heshima linalofuata jina, 케냐 ni Kenya. Maria ni Mkenya.

Majibu: 나라 ni nchi, 날씨 ni hali ya hewa, 이름 ni jina, 음식 ni chakula. Mtego uko kwenye 이름, kwa sababu jina la Maria limetajwa. Lakini sentensi zote mbili zinaeleza watu wanatoka wapi. Jibu ni ①.

Sasa hesabu visanduku. Sentensi ya kwanza ina 11, ya pili 12, majibu yana 8. Jumla 31. Msomaji anayetumia sekunde tatu kwa kila kisanduku, akikusanya herufi kama mtoto anayejifunza, anamaliza kusoma kwa sekunde 93. Sekunde 90 zimeshapita na hajafikiri bado. Anayetumia sekunde moja anamaliza kwa sekunde 31, na ana karibu dakika nzima ya kufikiri. Na hili ni swali fupi. Ya mwisho yana habari nzima yenye sentensi kadhaa.

Watu hawa wawili wanaweza kuwa wanajua maneno yale yale. Kilichowatenganisha ni mwendo wa kusoma.

Jinsi ya kuongeza mwendo, na jinsi ya kujua umefika

Wiki ya kwanza iwe ya majina ya mahali, nusu saa kwa siku, kwa kalamu na daftari. Ya pili iwe ya ㅓ, ㅡ na batchim. Kuanzia ya tatu, soma sentensi fupi kwa sauti huku ukijipima kwa saa ya simu. Andika kwenye ukurasa visanduku 60 vya maneno unayoyajua, kisha soma vyote. Ukitumia dakika tatu, bado unakusanya herufi. Ukishuka hadi dakika moja bila kuongeza irabu mwishoni, macho yako yameanza kuona kisanduku kizima. Badilisha maneno kila baada ya siku mbili, la sivyo utakuwa umekariri ukurasa na si kusoma.

Makosa yako yatakuambia tatizo liko wapi. Ukisita kwenye kila kisanduku, rudi kwenye kuandika. Ukisoma vizuri lakini unapowekewa sauti hulitambui neno, tatizo ni zile kanuni mbili za kuhama na kugeuka. Ukiandika unachosikia na ㅓ ikawa ㅗ kila mara, rudi kwenye kioo.

Kwa sauti za Wakorea wenyewe, tovuti ya mtihani, topik.go.kr, ina mitihani iliyopita pamoja na sauti zake. Ukienda mjini penye mtandao mzuri, pakua mtihani mmoja wa TOPIK I na uhifadhi kwenye simu. Mmoja unatosha kwa wiki nyingi. Sikiliza sentensi moja, simamisha, andika, kisha linganisha na maandishi. Zoezi hili la imla linafundisha sikio na mkono kwa pamoja.

Simu ikikuonyesha miraba mitupu mahali pa herufi za Kikorea, haina herufi hizo. Tumia simu janja ya mwenzako kusoma, na daftari lako kuandika. Mwenye simu janja anaweza kuongeza kibodi ya Kikorea kwenye mipangilio ya lugha, inaandikwa 한국어. Konsonanti ziko kushoto na irabu kulia, na simu inapanga kisanduku yenyewe. Ndiyo maana tunasema kibodi isije kabla ya kalamu: inakupangia kitu ambacho ulitakiwa ujifunze kukipanga.

Kabla ya kulipa nauli

Daraja la kwanza linatarajia maneno ya msingi kama 800, kwa hiyo hangul ni mlango tu. Baada yake kuna kazi ya maneno. Matokeo ya TOPIK hudumu miaka miwili, hivyo usikimbilie kufanya mtihani kama huna matumizi nayo karibu. Anayefikiria ufadhili wa serikali ya Korea ajue kwamba wengi wa wanaoupata husoma lugha huko kwa mwaka mmoja na hutakiwa kufikia daraja la tatu kabla ya kuanza masomo ya shahada. Mwenye kusoma haraka tangu huku anaanza mwaka huo akiwa mbele.

Cheti cha TOPIK si viza wala si ajira. Mtu akikuambia umlipe akufanyie mtihani au kwamba cheti hiki kinakupa kazi moja kwa moja, usimpe pesa. Tarehe, ada na kituo cha mtihani viulize kwenye tovuti ya mtihani au ubalozi wa Korea ulioko Dar es Salaam, kabla hujapanda treni.

Na siku utakapopanda, jaribu kusoma hili: 현대. Herufi ㅎ, ㅕ, ㄴ, kisha ㄷ na ㅐ. Ni jina la kwanza la kampuni iliyotengeneza baadhi ya treni hizo, kama Wakorea wanavyoliandika. Likikuchukua sekunde mbili au pungufu, mwendo wako unatosha kuanza kujipima kwa mtihani uliopita.